Kuku wa kilo mbili: faida huliwa siku ya ngapi? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulimwacha mama wetu wa mfano, wa Katuba hapa Lubumbashi, akiwa na vifaranga 200 vya siku moja vimezunguka mbabula ya makala, maana umeme ulikuwa umekatika tena. (Msomaji wa Dar es Salaam asishangae: makala kwetu ni yale meusi ya kuwashia moto, na hii unayoisoma ni makala ya namna nyingine.) Leo vifaranga vile vimekuwa kuku wa siku 38, wana kilo mbili hai kila mmoja, na wanunuzi wameanza kupita getini. Tufungue daftari.

Bei nitakazotumia ni za mfano, na nimeziandika kwa dola kwa sababu mifuko ya chakula na vifaranga vinavyopita Kasumbalesa kutoka Zambia hupangiwa bei kwa dola, hata pale mama anapolipwa kwa faranga katika soko la Kenya. Kenya hiyo si nchi, ni mtaa wetu. Fedha za mauzo azigeuze dola kwa kiwango cha siku ile ile alipozipokea. Akisubiri mwisho wa mwezi ndipo ageuze zote kwa pamoja, atakuwa anapima biashara ya faranga, na kuku watasingiziwa hasara au faida isiyo yao.

Mpaka siku ya 38 kundi lile limekula mifuko 14 ya kilo 50. Mifuko minne ilikuwa ya chakula cha kuanzia kwa dola 36, sita ya kukuzia kwa dola 34, na minne ya kumalizia kwa dola 32. Jumla ni kilo 700 na dola 476. Hapa ndipo wengi hukosea hatua ya kwanza kabisa: huchukua dola 476 wakagawa kwa 200, wakapata dola 2.38, wakafurahi. Lakini kuku 10 walikufa. Kuku aliyekufa hanunuliwi na mtu, ila alichokula kimelipwa, na anayelipa ni yule aliyebaki hai. Kwa hiyo tunagawa kwa 190: chakula cha kuku mmoja aliyeuzwa ni dola 2.51.

Vifaranga navyo vinafuata njia hiyo hiyo. Vilinunuliwa kwa dola 1.30 kimoja, yaani dola 260, na tukigawa kwa 190 kila kuku anabeba dola 1.37. Chanjo na dawa, makala, maranda ya kutandika chini, gari na kijana wa kusaidia vilikula dola 136, yaani senti 72 kwa kuku. Ukijumlisha yote, kuku mmoja amemgharimu mama dola 4.59. Anamuuza kwa dola 6. Faida ni dola 1.41 kwa kuku, na kundi zima dola 268.

Sasa kuna swali moja la kumuuliza kila mfugaji anayesema amepoteza kuku 10: walikufa siku ya ngapi? Kifaranga kinachokufa siku ya tatu hakijamaliza hata gramu 100 za chakula. Hasara yake ni bei ya kifaranga tu. Anayekufa siku ya 35 amekwisha kula zaidi ya kilo tatu, kwa hiyo ameondoka na bei ya kifaranga pamoja na dola mbili na kitu za chakula, bila kutaja dola sita ambazo zilikuwa karibu kuingia mkononi. Idadi ni ile ile, kumi na kumi, lakini daftari halizioni sawa. Ndiyo maana ninasisitiza tarehe iandikwe kando ya kila kuku anayetolewa bandani.

Tugeukie kipimo ambacho wataalamu hukipenda na wafugaji hukiogopa bure. Gawa kilo za chakula kwa kilo za kuku hai waliouzwa. Kwa mama wetu ni 700 kugawa kwa 380, yaani 1.84: kila kilo ya kuku imekula kilo 1.84 za chakula. Majedwali ya wazalishaji wa Ross na Cobb yana namba ndogo kuliko hiyo, lakini yametengenezwa kwa mabanda ambayo joto, hewa na maji havikatiki. Kwa banda la mabati la Katuba, 1.84 si aibu. Faida ya namba hii ni kwamba inasema kwa fedha: kwa kuku wa kilo mbili, ikipanda kutoka 1.84 hadi 1.94, kila kuku amekula gramu 200 zaidi. Chakula chake kwa wastani ni senti 68 kilo, kwa hiyo senti karibu 14 zimetoka kwenye faida ya kila kuku.

Ikipanda, tafuta sababu kwanza chini ya vilishio. Piga goti, chota maranda kwa kiganja, yapeperushe. Ukiona punje na unga wa chakula vimebaki mkononi, kuku wako hawali sana, wanamwaga. Ukingo wa kilishio ulingane na mgongo wa kuku, nao hupandishwa kadiri kuku wanavyokua, na kisijazwe mpaka juu. Kama maranda ni safi, angalia majira. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unauma kweli. Kifaranga chenye baridi hukitumia chakula kujipasha moto kabla hakijafikiria kunenepa. Ukivikuta vimerundikana asubuhi, makala uliyoyaokoa usiku umeyalipa kwa mfuko wa chakula.

Kuna pia mtego wa mfuko wa bei nafuu. Kila mahindi ya Zambia yanapoadimika, kama mwaka 2024 baada ya ukame ambao serikali ya huko iliutangaza kuwa janga la kitaifa, chakula kilichoongezwa pumba huanza kuonekana. Tuseme mfuko ni dola 28, kilo ni senti 56. Mama anaona ameokoa senti 12 kwa kila kilo. Lakini pumba hushibisha bila kunenepesha, na tuseme kuku akahitaji kilo 4.6 na siku 46 kufika kilo mbili. Zidisha: dola 2.58. Kuku amekula chakula cha bei rahisi kikagharimu zaidi ya kile cha bei ghali, na banda limekaliwa siku nane za ziada. Bei ya mfuko peke yake haisemi kitu mpaka ujue mfuko huo unatoa kilo ngapi za kuku.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye jambo lenyewe, nalo ni siku zinazofuata ile ya 38.

Sokoni hapa mnunuzi wa kawaida huuliza, “Mama, kuku moja ni ngapi?” Haulizi kilo ni ngapi. Anamwinua, anamgusa kifua, anaona ni mkubwa wa kutosha sufuria yake, anatoa dola sita au faranga zake. Ukimletea mwenye kilo mbili na nusu atatoa hizo hizo sita na kuondoka akicheka. Mama hawezi kuongeza bei kirahisi, kwa sababu kuku wa barafu wa maboksi kutoka ng'ambo wako kwenye friji la duka la jirani.

Basi tuseme siku ya 38 mama ameuza 100, na 90 wakabaki juma zima kwa sababu mnunuzi mmoja mkubwa aliahidi halafu akazima simu. Kuku wa umri huo hula kama gramu 170 kwa siku. Kwa siku saba ni kilo 1.19, na kwa bei ya chakula cha kumalizia ni senti 76. Faida ya dola 1.41 imebaki senti 65. Hakuna ugonjwa uliopita, hakuna aliyekufa, hakuna mfuko uliopanda bei. Ni juma moja la kungoja. Kwa kuku hao 90 ni dola 68 na senti zake, na faida ya kundi imeshuka kutoka 268 hadi 200 hivi. Wakati huo huo kila kuku ameongeza kama nusu kilo ya nyama, ambayo mnunuzi anaichukua bure.

Hapo ndipo namna ya kuuza inapogeuza hesabu. Angekuwa na mnunuzi wa kilo, tuseme mwenye mgahawa anayelipa dola 3 kwa kilo hai, nusu kilo ile ingeleta dola 1.50 kwa chakula cha senti 76, na kungoja kungekuwa biashara. Kuku ni wale wale, chakula ni kile kile, lakini mizani ya mnunuzi imekuwa upande wa mfugaji. Hata hivyo kuna mpaka: kuku mzito huchoka miguu, huzidiwa na joto la Oktoba, na akifa sasa amekufa akiwa ghali kuliko wakati wowote.

Kwa anayeuza kwa kichwa, dawa ni kuijua siku ya kilo mbili mapema. Siku ya 28 asubuhi, kabla ya kuwapa chakula, maana gole lililojaa hudanganya mizani, pima kuku 20 kati ya 190. Usiwakimbize na kukamata wanaokamatika, kwa kuwa hao ni wazito wa kutembea au wagonjwa, na wepesi watakukimbia wote. Chukua ubao, zungushia kundi dogo kwenye pembe moja, pima wote waliomo bila kuchagua. Kisha fanya hivyo katikati ya banda. Wastani ukiwa kilo 1.3, na kuku akiongeza gramu 70 kwa siku, siku kumi zinampeleka kwenye kilo mbili. Simu kwa wanunuzi zipigwe siku hiyo hiyo ya 28, na kila anayeahidi aache nusu ya fedha.

Na wale 90 waliokwisha kubaki? Mama aende kwanza kwa wenye migahawa, na mizani yake mkononi, kabla hajafungua mfuko wa pili wa juma hilo la ziada. Akikosa wa kilo, siku ya tatu auze kwa dola 5.60. Chakula cha siku tatu ni senti 33, kwa hiyo faida ni senti 68, senti tatu zaidi ya ile atakayopata siku ya saba kwa dola 6 kamili, na banda linaanza kufagiliwa siku nne mapema.