Kampuni Tanzu Ikiuzwa Katikati ya Mwaka

Tarehe 1 Juni 2017 Barclays ya Uingereza iliuza asilimia 33.7 ya hisa za Barclays Africa, kundi lenye makao yake Johannesburg ambalo lilikuwa na benki za jina hilo Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Wanunuzi walilipa, tena pesa nyingi. Hata hivyo hesabu za mwaka huo zilipotoka, mauzo hayo yalikuwa yameleta hasara ya takriban pauni bilioni 1.4 kwa kundi la Barclays.

Mtu hupokeaje mabilioni kisha akaandika hasara? Hakuna kiini macho. Kampuni mama ina hesabu zake, kundi lina zake, na mali moja ikiuzwa, vitabu hivyo viwili karibu kila mara vitatoa majibu mawili tofauti.

Katika vitabu vya mama peke yake, kampuni tanzu ni mstari mmoja tu: uwekezaji, kwa gharama iliyolipwa siku ya kununua. Tanzu ikistawi miaka kumi, mstari huo hautikisiki. Kwenye hesabu za kundi mambo ni mengine. Huko mali zote za tanzu na madeni yake yote huingizwa kana kwamba ni za kundi lenyewe, hata kama mama ana asilimia 80 tu; fungu la wale wengine huonyeshwa chini kama haki ya wanahisa wachache. Faida ya tanzu nayo huingia kila mwaka inapopatikana. Siku ya kuuza, kwa hiyo, kundi halilinganishi bei na gharama ya zamani. Hulilinganisha fungu lake la kila kilichomo kwenye vitabu vyake siku ile na kile kilichopokelewa.

Mfano wa kubuni utaonyesha. Kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, ilinunua asilimia 80 ya kiwanda cha maziwa cha Iringa kwa shilingi milioni 400. Siku hiyo mali za kiwanda, baada ya kutoa madeni, zilikuwa na thamani ya milioni 350. Fungu la wanahisa wachache, asilimia 20, lilikuwa milioni 70. Ukijumlisha 400 na 70, kisha ukatoa 350, inabaki milioni 120. Hiyo ndiyo gudwili: kile ambacho mnunuzi alilipia juu ya mitambo na magari, yaani jina, wateja na wafugaji waliozoea kupeleka maziwa pale. Miaka ilivyokwenda, gudwili hiyo ilipunguzwa milioni 20 baada ya mshindani kufungua milango mjini, ikabaki 100.

Mwanzoni mwa mwaka wa mauzo, mali halisi za kiwanda zilikuwa zimefikia milioni 500. Tarehe 30 Septemba mama akauza hisa zake zote kwa milioni 700. Kodi imewekwa kando hapa, ingawa inafaa kukumbuka kwamba mtoza ushuru huitazama faida ya mama mwenyewe, kwa kuwa kundi si mlipakodi.

Kwa mama hesabu ni nyepesi: 700 toa 400, faida milioni 300. Mwenyekiti atatabasamu.

Kwa kundi, swali la kwanza ni kiwanda kilikuwa na nini tarehe 30 Septemba. Si tarehe 1 Januari, wala si 31 Desemba. Katika miezi tisa ya mwaka huo kiwanda kilipata faida ya milioni 90 na hakikugawa gawio, kwa hiyo mali halisi zilikuwa milioni 590. Juu yake inaongezwa gudwili ya 100 iliyokuwa bado kwenye vitabu, kwa sababu nayo imeondoka pamoja na kiwanda. Jumla ni 690. Lakini si yote iliyokuwa ya mama. Wanahisa wachache walikuwa na asilimia 20 ya 590, yaani 118, na fungu hilo nalo linafutwa kwenye vitabu vya kundi. Kilichomtoka mama ni 690 toa 118, yaani milioni 572. Amepokea 700. Faida ya kundi ni milioni 128.

Kutoka 300 hadi 128 ni mteremko mkali, na wakurugenzi wengi huuliza nani amekula milioni 172. Hakuna aliyekula. Tangu kununuliwa, mali halisi za kiwanda ziliongezeka kutoka 350 hadi 590, yaani milioni 240. Asilimia 80 yake ni 192, na kundi lilikwisha kujihesabia faida hiyo mwaka baada ya mwaka. Toa 20 ya gudwili iliyopunguzwa, ambayo nayo ilikwisha kuandikwa kama gharama, unapata 172 kamili. Mama hakuwahi kuandika hata senti ya hizo, ndiyo maana kwake zote zinaonekana siku ya kuuza. Mhasibu makini huufanya ulinganisho huu kila mara kabla ya kupeleka kazi kwa mkaguzi. Usipokubali, kuna kitu kimesahauliwa.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni ile miezi tisa. Mtu huchukua salio la mwisho wa mwaka uliopita kwa sababu ndilo lililokaguliwa na lipo mkononi. Akitumia 500 badala ya 590, fungu la wachache linakuwa 100, kilichouzwa kinakuwa 500, na faida inaruka hadi milioni 200. Zile 72 za ziada ni asilimia 80 ya faida ya miezi tisa, ambayo tayari imo kwenye taarifa ya mapato ya kundi. Imehesabiwa mara mbili. Njia ya haraka ya kuligundua kosa hili ni kufuata haki ya wanahisa wachache: ilianza mwaka ikiwa 100, ikaongezewa 18 ya fungu lao la miezi tisa, ikaondolewa 118. Isipoishia sifuri, turudi mezani.

Tarehe yenyewe nayo ina ubishi wake. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 10 kinaangalia siku udhibiti ulipopotea, hata kama mkataba ulitiwa saini mapema zaidi au malipo yatakuja baadaye. Kenya ina mfano wa karibuni: KCB ilitangaza Machi 2024 kwamba inaiuza National Bank of Kenya kwa Access Bank ya Nigeria, lakini vibali vya mamlaka vilichukua muda na muamala ukakamilika mwishoni mwa Mei 2025. Tangazo halimwondolei muuzaji udhibiti. Katika hali kama hiyo tanzu huendelea kuhesabiwa ndani ya kundi hadi siku ya kukabidhi, ingawa mauzo yakishakuwa karibu na hakika, mali zake hutengwa kwenye mizania na kuandikwa kuwa zinasubiri kuuzwa.

Sasa turudi kwa ile hasara ya Barclays, maana mfano wa Iringa hauielezi. Kiwanda cha Iringa kinatunza vitabu kwa shilingi, sarafu ile ile ya mama. Barclays Africa ilitunza kwa randi, na randi ilikuwa imeshuka sana dhidi ya pauni. Kila mwaka tofauti ya kubadilisha sarafu ilipelekwa kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji bila kupita kwenye faida na hasara. Hukaa huko ikisubiri. Udhibiti ukipotea, akiba yote inayohusu tanzu hiyo lazima itolewe na kupitishwa kwenye faida na hasara. Sehemu kubwa ya zile pauni bilioni 1.4 ilikuwa hasara za sarafu za miaka ya nyuma, ambazo tayari zilikuwa zimepunguza mtaji wa kundi. Siku ya mauzo hazikuongeza umaskini wowote, zilihama mstari.

Barclays ina funzo jingine. Mei 2016 iliuza asilimia 12.2 ya hisa hizo hizo, ikashuka kutoka 62.3 hadi 50.1. Pesa ilipokelewa, lakini hakuna faida wala hasara iliyoandikwa kwenye taarifa ya mapato, kwa kuwa udhibiti ulibaki mikononi mwake. Mauzo ya namna hiyo huchukuliwa kama mapatano kati ya wenye mali, na tofauti huishia kwenye mtaji. Mwaka mmoja baadaye, ilipovuka chini ya nusu na kupoteza udhibiti, hesabu kamili ikapigwa, na hata hisa zilizobaki zikapimwa upya kwa thamani ya soko ya siku hiyo, kana kwamba zote ziliuzwa na chache zikanunuliwa tena.

Baada ya faida kujulikana, inabaki kazi ya kusafisha. Kwenye mizania ya 31 Desemba hapatakuwa na tangi la maziwa, deni la kiwanda wala gudwili yake. Safu ya mwaka uliopita, hata hivyo, haiguswi: kiwanda kitaonekana upande mmoja na kutoweka upande wa pili. Taarifa ya mapato hubeba miezi tisa tu. Kama kiwanda kilikuwa tawi zima la biashara ya kundi, faida ya miezi hiyo pamoja na ile 128 huwekwa kwenye mstari mmoja wa shughuli zilizokoma, na hapo takwimu za mapato za mwaka uliopita hupangwa upya ili zilingane.

Penye mitego zaidi ni madeni ya ndani. Tuseme mama alikuwa amekikopesha kiwanda milioni 60 na mkopo haukulipwa siku ya mauzo. Hadi 30 Septemba mkopo huo ulifutwa kila kundi lilipojumlisha hesabu, kwa kuwa mtu hajidai mwenyewe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba kiwanda ni mtu baki. Zile milioni 60 zinarudi kwenye mizania ya kundi kama mdaiwa wa kweli, na lazima ipimwe kama zitalipika. Vivyo hivyo maziwa aliyouziwa mama kabla ya Oktoba yanafutwa kwenye mauzo ya kundi, na yale ya Oktoba hadi Desemba ni ununuzi wa kawaida kutoka nje.

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, milioni 700 haziandikwi zote kama pesa iliyoingia. Kiwanda kiliondoka na akaunti zake za benki, na kama zilikuwa na milioni 45 jioni ya tarehe 30 Septemba, kundi limepata 655. Ndiyo maana mkaguzi huomba taarifa ya benki ya kiwanda ya siku hiyo hasa, na mhasibu mwenye uzoefu huichukua kabla hajakabidhi funguo, kwa sababu baada ya hapo atakuwa akiiomba kwa mwenye mali mpya.