Mtu aliyechukuliwa kazi hafiki: ngojea mpaka saa ngapi, na mahali pake apewe nani?

Kule Shituru, Panda ao Kikula, vitu hivi vinajulikana. Atele moja inaita watu kenda kwa maulizo ya kazi, wanafika sita. Wane wanachukuliwa, na siku ya kuanza wanaonekana wawili. Shefu anakasirika, anasema vijana hawapendi kazi, anachukua mtu wa kwanza anayepita pa mlango. Kisha siku tatu, yule aliyekosa anafika na karatasi mkononi: baba yake alikufa, na kontra yake iko na sinyatiri za pande mbili. Hapo ndipo maneno yanafika mpaka kwa ispektere wa kazi.

Tatizo kubwa hapa si kutofika kwenyewe. Tatizo ni kwamba mtu asiyefika anaacha mahali patupu bila maelezo, na kila mtu anajaza maelezo yake mwenyewe. Njia nzuri ni kupanga mapema mambo matatu: namna ya kuita watu, namna ya kungojea, na nani atashika mahali kama mmoja anakosa.

Juu ya nini watu hawafiki

Sababu ya kwanza ni telefone. Watu wengi wako na karte mbili ao tatu, wanatumia ile yenye uniti. Wengine wanatoa namba ya kaka ao ya jirani. Dosie inakaa miezi miwili ku ofisi, na siku ya kuita, namba iko imezimwa.

Sababu ya pili ni woga wa kudanganywa. Mtu anaitwa na namba asiyoijua, anaambiwa kazi iko. Amesikia habari za watu walioitwa hivyo, kisha wakaombwa feza ya dosie. Kama mwenye kuita hasemi jina la sosiete wala mahali pa ofisi, mtu mwenye akili anaweza kubaki nyumbani.

Sababu ya tatu ni feza ya kesho asubuhi. Mtu anayefanya vibarua ao anayechimba anarudi jioni na kitu mkononi. Kazi ya mshahara inalipa mwisho wa mwezi. Katika ile mwezi ya kwanza, pikipiki ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, vyote vinatoka mfukoni mwake. Kuna anayekubali kazi kwa moyo wote, kisha anahesabu usiku na kuona hawezi kufika siku ya pili.

Na iko sababu ya ine, ile ya kawaida: alipata kazi nyingine. Likasi iko pa njia kubwa kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mtu mwenye ufundi anaweka dosie pande zote, na anayemwita mbele ndiye anamupata.

Kuita kunakozuia hasara

Dosie ikiingia, ofisi iandike namba mbili: ya mwenyewe, na ya mtu wa nyumbani anayejua mahali pa kumpata. Siku ya kuita, mwenye kuita aseme jina la sosiete, mahali pa kukutana, siku, saa, na kitu gani cha kuleta. Aseme pia wazi kwamba hakuna feza inayoombwa. Kisha mesaji ifuate yenye maneno yale yale, na mtu ajibu “nitafika” ao “siwezi”. Asiyejibu mpaka jioni ya siku ile, aitwe mara moja tena ku namba ya pili.

Siku moja mbele ya maulizo, mwito mfupi wa kukumbusha unasaidia sana. Hauchukui dakika mbili, na ndio unaonyesha mapema nani amebadili mawazo. Mtu ambaye telefone yake imezimwa jioni ile asihesabiwe kuwa amekataa, lakini ofisi ijue kwamba mahali pake panaweza kubaki patupu.

Kwa siku ya maulizo yenyewe, sheria ya ofisi iwe moja kwa wote. Kwa mfano: kungojea nusu saa, kuita namba zote mbili, kuandika saa ya kuita na jibu. Aliyetoa habari, hata akichelewa kuitoa, apewe siku nyingine moja. Asiyetoa habari dosie yake inafungwa. Bila sheria ya namna hii, ndugu wa shefu anapewa siku tatu na mtoto wa mtu mwingine hapewi hata moja.

Kontra iko ao haiko

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mtu asiyefika kwa maulizo hana deni lolote. Hakuna kontra, kila mtu anaenda njia yake. Lakini mtu aliyekwisha kuweka sinyatiri ni mfanyakazi, hata kama hajashika chombo hata kimoja. Kod ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlinda, na inamlinda pia mwenye kazi.

Jambo la kwanza linalogusa siku hizi ni kilio. Mfanyakazi akifiwa na baba, mama, mtoto, bwana ao bibi, sheria inampa siku 4 za ruhusa. Akifiwa na ndugu wa tumbo moja, babu ao nyanya, ni siku 2. Bibi yake akizaa, ni siku 2. Kwa hiyo kijana anayefiwa na baba usiku wa siku ya yenga, na kontra yake inaanza asubuhi, hajakimbia kazi. Kitu ofisi inaweza kumuomba ni habari ya haraka na karatasi ya kifo kisha.

Jambo la pili ni kuvunja kontra. Kama mtu hafiki, hajibu, na mwenye kazi anaona ni kosa zito, hawezi kumfuta kwa mdomo. Mwenye kuvunja kontra kwa kosa zito anapaswa kumjulisha mwenzake kwa maandishi, na asipite siku 15 za kazi tangu alipojua lile kosa. Kwa hiyo tarehe ya kutofika iandikwe siku ile ile. Na mbele ya kufikia hapo, barua moja ya kumwita aeleze sababu, ipelekwe nyumbani na mtu aweke sinyatiri ya kuipokea, inaepusha makelele mengi ku ispektere.

Jambo la tatu ni kipindi cha kujaribu. Kinapaswa kuandikwa ndani ya kontra. Kwa kibarua asiye na ufundi hakipite mwezi 1, kwa wafanyakazi wengine hakipite miezi 6. Kama hakikuandikwa, hakiko, hata kama shefu alikisema mbele ya watu kumi.

Mfano: masudere wane

Tuseme atele inahitaji masudere wane waanze kazi moja, yaani Jumatatu. Kazi ine iliyotangulia, wanaitwa watu 9. Wanafika 6. Wa saba anaita saa ine: mvua ilikata njia, yuko bado Kambove. Anapewa kazi tano asubuhi. Wawili hawasemi kitu, dosie zao zinafungwa.

Wale sita wanapewa kipande cha chuma wachomelee. Watano wanafaulu, na wa Kambove naye anafaulu siku inayofuata. Sasa wako sita wazuri kwa nafasi ine. Atele inachukua wane, na wawili wanaambiwa ukweli: “Uko wa tano, uko wa sita. Tutakuita kazi moja mbele ya saa sita ya mchana kama mahali pamefunguka. Kama hatukuita, usingojee.” Wote sita wanapitishwa kwa munganga, kwa sababu sheria inataka uwezo wa kufanya kazi uonekane ku karatasi ya munganga, na karatasi ile haiwezi kutafutwa asubuhi moja. Ni haki atele ilipe. Kumtoza mtu wa akiba feza kwa kazi isiyo hakika ndiko kunamfanya asirudi tena.

Siku ya posho, wane wanaweka sinyatiri. Kwa kuwa mshahara uko mbali, atele inawapa feza kidogo ya njia kwa juma la kwanza, inaandikwa na wanaisaini.

Kazi moja, saa moja ya asubuhi, wako wawili. Wa tatu, mdogo wake anafika: baba amekufa usiku. Yule mdogo anasema yeye pia anajua kusudire, anaweza kushika mahali kwa siku hizi. Hapa shefu akatae kwa upole. Kontra, karatasi ya munganga na kipimo cha kuchomelea ni vya kaka. Mdogo akiungua, ataandikwa kwa jina gani? Shefu anampa pole, anaandika habari, anasema kaka atarudi kazi tano.

Wa ine hajulikani. Ofisi inaita namba yake, imezimwa. Inaita namba ya pili, dada yake anasema amekwenda Kolwezi, amepata kazi kule. Maneno ya dada hayatoshi kumfuta mtu. Ofisi inamuomba dada amwambie aandike mesaji mwenyewe. Saa tatu na nusu mesaji inafika: hatakuja. Inahifadhiwa ndani ya dosie, na barua fupi inaandikwa kwamba ameacha kontra kwa mapenzi yake. Feza ya njia aliyopewa inaombwa kwa adabu. Kama hairudi, ni hasara ndogo.

Saa ine, wa tano na wa sita wanaitwa. Wa tano anapata mahali pa aliyekwenda Kolwezi, na kontra yake mwenyewe. Wa sita anachukuliwa kibarua kwa siku 4 tu, mpaka mwenye kilio arudi. Hapa tena ukumbusho mmoja: kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya ile miezi miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Siku 4 hazina shida. Lakini atele inayojaza mapengo kila juma na mtu yule yule ihesabu vizuri.

Saa sita mashini zote ine ziko na watu, na hakuna aliyedhulumiwa.

Kwa upande wa mwenye kutafuta kazi

Aliyepata kazi nyingine asinyamaze. Mesaji moja, “nimepata mahali pengine, asante”, inamfungulia mlango ndugu aliye wa tano ku liste. Na aliyefiwa ao aliyeugua amtume mtu asubuhi ile ile, mbele ya saa ya kuanza kama inawezekana, na aombe jina la aliyepokea habari. Ile habari iliyoandikwa na saa yake ndiyo itamsimamia siku anaporudi na karatasi mkononi.