Kibao cha Zain na Vitz ya Bluu: Kuitafutia Picha Tarehe Yake

Picha isiyo na tarehe huleta maneno. Ndugu wanagombea kiwanja kando ya barabara, mmoja anatoa picha kuonyesha kwamba fremu za baba zilikuwepo kabla ya upanuzi, mwingine anasema zilijengwa juzi tu. Nyuma ya picha hapajaandikwa kitu. Kama ilipita WhatsApp, taarifa za kamera zimefutwa njiani, na kama ilipigwa kwa kamera ndogo ya kidijitali, huenda mwenyewe hakuwahi kurekebisha saa yake. Kinachobaki ni yale yaliyomo ndani ya picha, hasa magari na mbele za maduka.

Kazi hii ina kanuni moja kubwa: kitu kipya kabisa kwenye picha kina uzito kuliko vyote. Gari haliwezi kupigwa picha kabla halijatengenezwa, na jina la kampuni haliwezi kuandikwa ukutani kabla kampuni haijalichukua. Kitu kipya, basi, kinakupa mwaka ambao huwezi kurudi nyuma yake. Kitu cha zamani kinadokeza tu, kwa sababu vya zamani hukawia kuondoka. Toyota IST ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002 na leo bado imejaa mitaani Dar es Salaam. Ukiiona kwenye picha umejifunza kwamba ni ya 2002 au baadaye, basi.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao wachambuzi wa Ulaya hawaupati sana. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani miaka kadhaa. Vitz ya toleo la pili ilianza kuuzwa kule mwaka 2005, lakini zile zilizokuja kwetu kwa wingi zilifika baadaye. Kwa hiyo mwaka wa toleo ni sakafu, na tarehe ya kweli mara nyingi iko juu yake kwa miaka mitano au zaidi. Kutambua toleo lenyewe, nenda kwenye taa, bampa na shoo ya mbele, kwa kuwa ndivyo watengenezaji hubadilisha kwanza. Rangi na rimu usivitegemee. Hivyo fundi yeyote wa gereji anabadilisha kwa siku moja.

Maduka yana ratiba iliyo sahihi zaidi, na kwa Tanzania bahati yetu ni kampuni za simu. Ziliupaka mji rangi kuanzia kuta za nyumba hadi miamvuli ya wauza vocha, halafu zikabadili majina. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwishoni mwa 2010. Vodacom ilikuwa ya bluu hadi mwaka 2011 ilipogeuka nyekundu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na Zain ikaleta ya kwake, Zap, mwaka 2009. Vituo vya mafuta vina historia kama hiyo: BP iliuza hisa zake Tanzania mwaka 2011 na vituo vikawa Puma. Barclays imekuwa Absa tangu 2020.

Tuichukue picha moja ya mfano, ya aina ambayo familia nyingi za Dar wanayo. Imepigwa Magomeni, kando ya Barabara ya Morogoro. Kuna fremu nne, ya pili ni ya vocha, na ukuta wake una jina la Zain lililofifia kidogo. Mlangoni kumebandikwa bango la karatasi la Zap. Fremu ya mwisho ina kibanda cha Vodacom cha bluu. Vitz ya bluu, toleo la pili, imeegeshwa mbele. Nyuma linaonekana jengo la ghorofa ambalo halijaisha, nondo zimesimama juu ya nguzo.

Vitz inasema 2005 au baadaye. Zain inasogeza hadi 2008. Bango la Zap linasogeza hadi 2009, na hapo ndipo sakafu yetu. Sasa dari. Jina la Zain ukutani halitusaidii, maana mwenye duka hana haraka ya kununua rangi ili kumridhisha mtu. Kuta za Celtel zilionekana miaka mingi baada ya Celtel kufa. Bango la karatasi ni tofauti. Jua na mvua za Dar haziliachi mlangoni miaka mitatu, na la kwetu bado lina rangi kali. Kibanda cha bluu nacho kinaelekea kabla ya 2011 au muda mfupi baadaye. Dari iliyo imara zaidi ni barabara yenyewe: hakuna njia wala kituo cha mwendokasi, na ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012. Ukutani hakuna hata ile alama ya X nyekundu inayowekwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Tuna dirisha la 2009 hadi 2011.

Dirisha hili ndilo tunaloenda nalo kwenye picha za setilaiti. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ni ya bure, tafuta mahali penyewe, kisha bofya alama ya saa iliyo juu. Utapata kitelezi chenye tarehe za picha za miaka iliyopita. Usitafute kibao wala Vitz yako huko. Kwenye picha bora za miaka ile, nukta moja ni kama nusu mita ya ardhi, kwa hiyo gari dogo ni nukta nane kwa tatu hivi: doa lenye rangi. Tafuta vitu vinavyoonekana kutoka juu na pia vimo kwenye picha yako, yaani mabati, miti, ukuta wa uzio, na lile jengo. Bati jipya hung'aa meupe, la zamani huwa la kahawia. Kimo cha jengo kisome kwenye urefu wa kivuli chake. Tuseme picha ya mapema 2009 inaonyesha kiwanja chenye msingi tu, na ya katikati ya 2010 inaonyesha jengo limeshaezekwa. Picha yetu yenye nondo imeangukia katikati.

Hapa makosa ni mengi. Picha za tarehe tofauti huwa hazilali sawasawa, na nyumba inaweza kuonekana imesogea mita kadhaa bila kusogea. Ukiwa umeitazama kutoka mbali, programu huunganisha vipande vya tarehe mbalimbali, hivyo sogea karibu kabla hujaamini tarehe. Wingu la masika linaweza kufunika mtaa mzima. Na kabla ya yote hakikisha picha yako haijageuzwa kushoto kulia: soma maandishi ya vibao, angalia magari yanapita upande gani. Picha iliyogeuzwa itakufanya utafute fremu ng'ambo ya barabara.

Ukimaliza, usiandike "2010" kwa sababu inapendeza. Chukua penseli laini, andika nyuma ya picha: "Magomeni, kati ya 2009 na katikati ya 2010, bango la Zap, jengo bila paa." Atakayekuja na ushahidi mpya ajue pa kuanzia kukubishia.