Upindo Usioonekana katika Sketi na Suruali

Wazazi wengi wa Mwanza na wa visiwa vya Ukerewe huwanunulia watoto nguo za shule zilizo ndefu kidogo, wapate kuzivaa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini upindo ukipigwa kwa cherehani, mstari wa uzi huonekana nje, na siku ya kuuteremsha matundu ya sindano huweza kubaki katika kitambaa. Kwa hiyo yafaa ushonwe kwa mkono, kwa mshono wa kujificha.

Tuchukue mfano wa sketi nyoofu ya pamba, rangi ya buluu, ambayo mzunguko wake wa chini ni inchi 40. Kwanza ifuliwe, ikauke, ipigwe pasi, maana pamba mpya hupungua urefu ikiingia majini. Kisha igeuzwe ndani nje. Ukingo ukunjwe nusu inchi na kushonwa peke yake usifumuke. Ndipo upindo wa inchi 2 na nusu upandishwe na kushikizwa kwa bandi, robo inchi chini ya ukingo huo.

Sasa upindo urudishwe nyuma penye bandi, hata ukingo wake utokeze robo inchi kupita mkunjo wa sketi. Tumia sindano nyembamba na uzi mmoja wa rangi ya nguo, na fundo lifichwe ndani ya upindo. Katika mkunjo wa sketi, sindano ichote uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa. Kisha isogee mbele theluthi ya inchi na kuchota ukingo wa upindo. Kwa mwendo huo, mishono 120 yatosha kuzunguka sketi yote. Kila baada ya inchi 4, rudia mshono mara mbili katika upindo, ili uzi ukikatika pasifumuke pote.

Kosa lililo kubwa ni kuvuta uzi kwa nguvu. Ukivutwa, vishimo vidogo hutokea upande wa nje. Utaviona ukiishika nguo karibu na dirisha, mwanga ukiipitia kwa ubavu. Uzi na ulale tu, usikaze. Tena pasi isigandamize juu ya ukingo, kwani alama yake itatokeza nje.

Kwa suruali njia ni hiyo hiyo, ila mishono iwe 5 kwa inchi, kwa sababu vidole vya mguu hunasa penye uzi mrefu mtu anapovaa. Na katika kitambaa chepesi sana mshono huu haujifichi kabisa, kwa kuwa hapana unene wa kuuficha.

Mtoto akirefuka, kata uzi na uteremshe upindo inchi 2. Matundu hayatakuwapo. Mkunjo wa zamani hulainika kwa pasi juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji yenye siki kidogo. Lakini ikiwa rangi ya nje imekwisha kupauka, mstari huo hautaondoka.