Kiwavijeshi vamizi: hesabu kwanza, pampu baadaye

Msimu uliopita, mwezi wa kwanza, kijana mmoja mwenye ekari 2 alinisimamisha njiani akiwa amekasirika. "Bwana shamba, nimepiga dawa mara tatu na wadudu wapo vilevile. Hizi dawa feki." Nikamwambia twende shambani kwanza, mengine tutaongea huko.

Dawa feki zipo, sikatai. Ila shamba la huyu kijana lilikuwa na kasoro nyingine, nazo nazikuta mashamba mengi. Alikuwa anapiga kwa kuangalia majani yaliyochanika, sio kwa kuhesabu wadudu. Leo nitawapitisha kwenye yale tuliyoyafanya pale, hatua kwa hatua.

Kwanza, mjue mdudu mwenyewe

Aliyekuwa shambani ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa kuwepo Tanzania. Mchukue kiwavi mkubwa umtazame usoni: ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa kichwa chini. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe nne za mraba. Ukiona vyote viwili, ndiye.

Usimchanganye na wenzake wawili. Viwavijeshi wetu wa zamani hutembea kwa makundi na hukwangua shamba zima kwa siku chache, wakati huyu vamizi hujificha ndani ya moyo wa mche, pale majani machanga yanapojikunja kama faneli. Funza wa mabua naye huanza kwenye majani kwa kutoboa matundu madogo yaliyojipanga mstari, halafu huingia ndani ya bua. Mche ulioliwa na funza wa mabua ukiuvuta jani la katikati, mara nyingi hutoka limekauka na limeoza chini. Funza akishaingia kwenye bua, dawa ya kupulizia haimfikii tena.

Kiwavijeshi vamizi huanza na mayai. Nondo jike hutaga rundo lenye mayai kama 100 hadi 200 kwenye jani na kulifunika kwa manyoya kama pamba chafu. Kwa joto letu la Lindi mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Viwavi wachanga hukwangua ngozi ya jani na kuacha vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga. Wakikua hutoboa matundu makubwa yenye kingo zilizochanika na kuacha kinyesi kama unga wa mbao moyoni mwa mche. Baada ya wiki 2 hadi 3 hushuka ardhini kugeuka buu, kisha anatoka nondo mpya. Mzunguko mzima ni kama siku 30.

Shikeni hili: chakula kingi kiwavi hukila siku zake za mwisho, akishakuwa mkubwa. Na akiwa mkubwa anakaa chini kabisa moyoni, kinyesi chake kikiwa juu yake kama kizibo. Dawa inaishia kwenye kizibo. Ukisubiri mpaka shamba lionekane limechakaa ukiwa barabarani, umeshachelewa.

Namna tulivyohesabu

Tuliingia shambani saa moja asubuhi. Miche ilikuwa na majani 5. Tukaacha mistari michache ya pembeni, tukatembea kwa kufuata umbo la herufi W na kusimama vituo vitano. Kila kituo tulikagua miche 20 inayofuatana kwenye mstari, bila kuchagua. Jumla miche 100, kwa hiyo idadi ya miche iliyoshambuliwa inakuwa asilimia moja kwa moja.

Mche tuliuhesabu kama moyo wake ulikuwa na dalili mpya: vidirisha vibichi, kinyesi chenye unyevu, au kiwavi mwenyewe. Jani la chini lililochanika wiki iliyopita halihesabiwi. Jani likishatoboka halizibiki hata umuue kiwavi, kwa hiyo matundu ya zamani yanakueleza yaliyopita tu.

Tukapata miche 34 kati ya 100. Viwavi wengi walikuwa wadogo, chini ya sentimita moja na nusu.

Kipimo ninachotumia kwa mkulima mdogo ni hiki. Mahindi yakiwa machanga, mpaka majani 6 hivi, piga dawa ukifikisha miche 20 kati ya 100. Yakishapita hapo mpaka karibu ya kutoa mbelewele, vumilia mpaka miche 40 kati ya 100, kwa sababu mche wenye mbolea na unyevu huendelea kutoa majani mapya na kufidia. Mbelewele na ndevu zikishatoka, kwa mkulima wa pampu ya mgongoni sishauri kupiga. Mimea ni mirefu, dawa inakurudia usoni, kiwavi aliyeingia kwenye gunzi hafikiki, na kama unauza mahindi mabichi unampelekea mteja sumu.

Miche 34 kwenye mahindi ya majani 5 imevuka 20. Tukakubaliana kupiga jioni ileile.

Kwa nini mara tatu za kwanza hazikufanya kazi

Nilimwomba anionyeshe alivyokuwa anapiga. La kwanza, alipiga saa sita mchana. Jua kali huharibu baadhi ya dawa haraka, na mchana kiwavi amejificha. Piga jioni jua likipoa, au asubuhi na mapema, na usipige mvua ikiwa imetanda.

La pili, alikuwa anapunga bomba juu ya majani kama anayefukuza nzi, na mara moja aliazima mashine ya kupulizia mikorosho ili amalize haraka. Majani yalilowa vizuri, moyo ukabaki mkavu. Mdudu huyu anakaa moyoni. Elekeza pua ya bomba moyoni, mche mmoja baada ya mwingine.

Na niseme hili kwa sababu huku kwetu kila nyumba ina masalia ya dawa za korosho: salfa ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Haiui kiwavi. Usiimwage kwenye mahindi kwa matumaini.

La tatu, kipimo. Alikuwa anatia kizibo kimoja kila pampu na kutumia pampu nne kwa ekari. Kizibo cha chupa hii si sawa na cha ile, na hakuna aliyempimia maji. Tulifanya hivi: tukapima eneo la mita 10 kwa 10, tukatia lita 10 za maji matupu kwenye pampu, akapiga moyoni mche mmoja mmoja kwa mwendo wake wa kawaida. Yakabaki lita 6.8, maana yake ametumia lita 3.2. Ekari moja ina vipande kama hivyo 40, kwa hiyo anahitaji lita 128, sawa na pampu 8 za lita 16. Kibandiko cha dawa aliyonunua kilisema mililita 120 kwa ekari. Gawanya kwa 8, unapata mililita 15 kila pampu, na tulizipima kwa bomba la sindano la duka la mifugo. Namba hizo ni za chupa yake na mwendo wake. Wewe fanya zoezi hilohilo na kibandiko chako.

La nne, mara zote tatu alitumia dawa yenye kiambato kilekile. Ukirudia kiambato kimoja kizazi baada ya kizazi, wanaobaki ni wale wasiokufa, na ndio wanaozaa. Usiangalie jina la kibiashara, maana majina mawili tofauti yanaweza kuwa na kiambato kimoja. Viambato vinavyofanya kazi vizuri kwa viwavi hawa ni kama emamektini benzoeti na klorantraniliproli. Kwenye kibandiko utavikuta kwa maandishi ya Kiingereza, ila matamshi yanakaribiana. Ukitumia kimoja kwa kizazi hiki, kizazi kijacho tumia kingine. Hakikisha chupa ina namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, na mahindi yametajwa kwenye kibandiko. Vaa glavu, buti na barakoa. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyarudishe kwenye pampu, kisha itoboe isije ikabebewa maji ya kunywa.

Baada ya kupiga

Asubuhi iliyofuata alinipigia simu: "Bado wapo!" Nikamwambia asiguse pampu. Alikuwa ametumia emamektini, ambayo humfanya kiwavi aache kula ndani ya saa chache, lakini kufa kunaweza kuchukua siku 2 hadi 4. Wengi hurudia kupiga hapa na kupoteza hela bure.

Siku ya nne tulihesabu tena kwa W ileile. Miche yenye dalili mpya ilikuwa 7. Wiki mbili baadaye, mahindi yakiwa na majani 9, ilipanda mpaka 16. Alitaka kupiga. Lakini kwa umri ule kipimo ni 40, kwa hiyo tukaacha. Badala yake yeye na mdogo wake walipita asubuhi mbili wakiponda marundo ya mayai na kutia mchanga kidogo kwenye mioyo yenye kiwavi, kwa sababu mchanga humkwaruza na kumsumbua. Kazi hiyo inawezekana kwa ekari moja au mbili. Ukiwa na ekari 10 hutaiweza.

Kuacha kupiga kuna faida nyingine. Mnawajua maji moto wanavyolinda mikorosho dhidi ya wadudu. Kwenye mahindi pia sisimizi na nyigu hula mayai na viwavi wachanga. Ukimwaga sumu kali bila sababu unawaua hao kwanza, halafu nondo anakuja kutaga kwenye shamba lisilo na mlinzi.

Msimu huu mwambie na jirani yako mpande pamoja, mvua za mwanzo zikishakolea. Anayepanda wiki nne nyuma ya wenzake ndiye anayepokea nondo wote waliozaliwa kwenye mashamba ya wenzake. Kuanzia wiki ya pili baada ya kuota, pita shambani mara moja kwa wiki na daftari: vituo vitano, miche 20 kila kituo. Andika tarehe, idadi ya majani na idadi ya miche yenye dalili mpya. Siku ukiniita shambani, nitaomba daftari hilo kabla ya kuuliza umepiga dawa gani.