Kuifuata Damu Hadi Mtoni

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyoandikwa na mwanafunzi wa chuo ni kitabu kizima, na msahihishaji anayeanzia ukurasa wa kwanza huchoka kabla hajafika penye kosa. Mimi huanzia karibu na mwisho, kwenye jedwali la hatua za kupunguza athari. Nachagua athari moja kubwa, kisha narudi nayo nyuma: je, ilitajwa pale mwanafunzi alipopanga mawanda ya kazi yake? Je, kuna vipimo vya hali ya sasa vinavyoihusu? Uzi ukikatika popote, najua alama zitapungulia wapi.

Tuchukue mfano niliouunda kutokana na ripoti za namna hii. Mwanafunzi amepewa mradi wa kujenga machinjio mapya katika mji mdogo wa bara, Tanzania: ng'ombe 40 kwa siku, kiwanja kando ya kijito, na bustani za mchicha kilomita 2 chini zaidi.

Jedwali lake lina athari 14, zote zimepewa uzito sawa. Kelele za mashine za ujenzi zina mistari mitano, vumbi minne, maambukizi ya Ukimwi kwa vibarua sita. Maji yenye damu yana mistari miwili. Hilo ni kosa la mawanda. Kazi ya hatua hiyo ni kuchuja, si kuorodhesha: kuamua ni mambo gani matatu au manne yanastahili fedha na muda wa kupimwa, na kueleza kwa nini mengine yameachwa. Katika mradi halisi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ripoti ya mawanda na hadidu za rejea hupelekwa NEMC kabla ya utafiti kamili kuanza, kwa hiyo kisichoonekana hapo huenda kisipimwe kamwe.

Kisha naangalia ramani. Mwanafunzi amechora duara la mita 500 kuzunguka kiwanja, akaliita eneo la utafiti. Duara ni zuri kwa kelele, lakini damu haisambai kwa duara, inafuata maji. Mpaka wa utafiti ulipaswa kuwa utepe mwembamba unaoshuka na kijito hadi kupita zile bustani. Kwa kuwa ziliachwa nje ya duara, akina mama wanaolima mchicha hawakuhojiwa. Kiambatisho cha wadau kina sahihi za mtendaji wa kata, wenye mabucha na diwani tu. Kwa mawanda nampa 11 kati ya 30.

Kwenye hali ya awali ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu takwimu huficha mengi. Mwanafunzi ameandika kwamba hitaji la oksijeni la maji ya kijito, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu kwa siku 5, ni miligramu 4 kwa lita. Maji safi, anahitimisha. Naifungua fomu ya maabara: sampuli ilichukuliwa Jumatatu, majibu yametolewa Alhamisi ya wiki ileile. Kipimo kinachohitaji siku 5 hakiwezi kukamilika kwa siku 3. Huenda maabara walikisia, huenda tarehe imekosewa, lakini msahihishaji hawezi kuikubali namba hiyo, na mwanafunzi alipaswa kuliona hilo kabla yangu. Fomu haisemi pia kama chupa ilikaa kwenye barafu safarini. Ikikaa juani, vijidudu huanza kazi njiani na jibu la maabara halifanani tena na mto.

Hata kama namba ingekuwa sahihi, ni ya siku moja, mahali pamoja, mwezi Aprili, masika ikiwa imepamba moto. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kuchinja na kusafisha ng'ombe mmoja hutumia takriban lita 1,000 za maji, kwa hiyo 40 ni lita 40,000. Kila ng'ombe akitoa lita 12 za damu, tunapata lita 480. Damu ni uchafu mzito sana: lita moja huhitaji gramu 150 za oksijeni au zaidi. Ikiingia yote kwenye yale maji, hitaji la oksijeni linafika miligramu 1,800 kwa lita, kutokana na damu peke yake. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kwa maji taka yanayoingia mtoni ni 30.

Uchinjaji hufanyika saa 9 usiku hadi saa 2 asubuhi, yaani maji hayo yote yanatoka ndani ya saa 5, kama lita 2.2 kila sekunde. Kijito kikiwa na lita 400 kwa sekunde mwezi wa Aprili, uchafu unazimuliwa hadi miligramu 10 hivi. Mwezi wa Septemba kikibaki na lita 10, unapanda hadi zaidi ya 320, na huo ndio msimu ambao bustani zinamwagiliwa kwa ndoo. Mwanafunzi hakupima mtiririko wa maji hata mara moja. Angeweza kufanya hivyo bila mashine: upana wa kijito, kina chake, na muda ambao chungwa linaloelea linachukua kupita mita 10. Tena alichota sampuli saa 5 asubuhi, wakati mjini tayari kuna sakafu ya zamani ya kuchinjia upande wa juu, na damu yake ilikuwa imeshapita alfajiri.

Sakafu hiyo ya zamani ni jambo ambalo wengi hulisahau. Hali ya awali si mto usio na mtu. Machinjio mapya yasipojengwa, watu wataendelea kuchinja, na damu itaendelea kutiririka. Athari ya mradi ni tofauti kati ya hali hiyo na itakayokuja, na huenda mradi ukionekana mwema kuliko mwanafunzi alivyodhani. Hajalipima, basi hawezi kulisema. Nampa 9 kati ya 30. (Katika orodha ya mimea kuna mikoko, kilomita mamia kutoka baharini. Sura hiyo ilinakiliwa kutoka ripoti nyingine, na suala hilo nalipeleka kwa mkuu wa idara.)

Tumebaki na zile hatua za kupunguza athari. "Maji taka yatatibiwa ipasavyo kwenye shimo, miti itapandwa, elimu itatolewa." Nauliza ukubwa wa shimo. Kiambatisho kinasema mita 3 kwa 3 kwa 3, yaani lita 27,000. Siku ya kwanza ya kazi linapokea lita 40,000. Linajaa kabla ya alfajiri kuisha, kisha linafurika kuelekea kijitoni. Na maji yaliyo ndani hayatanywewa na udongo haraka, kwa kuwa sura yake mwenyewe ya nne inasema udongo ni mfinyanzi na maji ya chini ya ardhi yako mita 3. Sura ya nne na ya saba hazijawahi kusomana.

Hatua inayowezekana huanzia pale ng'ombe anapotundikwa. Chini yake panawekwa mfereji wa pekee unaopeleka damu kwenye tangi, kabla haijagusa maji ya kuoshea. Mavi ya tumboni yanakusanywa makavu kwa koleo. Mwanafunzi mzuri hataandika kwamba damu yote itakamatwa, maana sakafu huwa na haraka na utelezi. Akikisia asilimia 80, maji yaliyobaki bado yatakuwa na miligramu 360 kwa lita kutokana na damu, mara 12 ya kiwango. Hivyo ataongeza kichujio cha mafuta na mabwawa ya kutibu maji, atasema yanahitaji eneo gani, na ataangalia kama kiwanja kinalitosha. Kama hakitoshi, pendekezo la kuhamisha kiwanja nalo ni hatua ya kupunguza athari, tena mara nyingi ndiyo ya gharama ndogo.

Damu iliyokusanywa inakwenda wapi? Inaweza kuchemshwa na kukaushwa iwe chakula cha kuku, lakini mtu lazima ainunue, na kuni za kuichemshia ni athari nyingine. Asipopatikana mnunuzi, tangi likijaa Jumapili mlinzi atafungua bomba usiku. Katika safu ya mhusika mwanafunzi ameandika "mwekezaji", katika safu ya muda "wakati wote", na gharama ni shilingi 500,000 kwa kila mstari, miti na maji taka bila tofauti. Hapo nampa 13 kati ya 40.

Jumla ni 33. Namrudishia aiandike upya, na maelezo yangu ni mafupi: rudi kijitoni Septemba, saa 11 alfajiri, na chungwa.