Musimulizi aseme wapi, anyamaze wapi: mambo tuliyojifunza kwenye filme ya migomba

Wandugu, wengi kati yetu tukimaliza lisansi tunajikuta tunatengeneza vifilme vya dakika 10 kwa ajili ya wakulima, kamera mukononi, bila kusomea kazi hiyo. Mimi ni mutu wa shamba, si mutu wa sinema. Lakini filme yetu ya kwanza ilinifundisha kitu kimoja juu ya komantere, na leo nataka kukieleza vizuri.

Filme ilihusu munyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kisha ukashuka hadi huku kwetu Kivu ya Kusini. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani kuko rangi ya kahawia. Ukikata shina, yanatoka majimaji mazito ya manjano. Kuyaona hayo njo kutambua ugonjwa. Basi tukapiga picha: mama mumoja anakata mugomba kwa panga, majimaji yanatoka, anatikisa kichwa. Kisha mimi nikaingia na sauti yangu juu ya kila kitu.

Nilisema: « Hapa tunaona mukulima akikata shina la mugomba. Tunaona majimaji ya manjano yakitoka. » Yaani nilikuwa ninawasomea watu kitu ambacho macho yao yalikuwa yanaona tayari. Ubaya zaidi, sauti yangu ilifunika ule mulio wa panga kuingia kwenye shina bovu, na ilifunika pia yule mama aliyesema polepole: « Eee, na hii tena? » Yeye alikuwa amekwisha kupoteza migomba mingine. Maneno yake manne yalikuwa na uzito kuliko ukurasa wangu wote, na hakuna mutu aliyeyasikia.

Tulipoonyesha filme kwa wakulima, muzee mumoja akaniuliza: « Kijana, mbona unasema bila kupumua? » Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani na aibu, nikafuta komantere yote, na hapo nikaanza kosa la pili.

Toleo la pili halikuwa na musimulizi hata kidogo. Nilikuwa nimetazama « Maman Colonelle » ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017, ile filme ya mama wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Hakuna musimulizi wa kutueleza vita ya siku 6 ya mwaka 2000. Wanawake walioumizwa wanakuja mbele ya yule kolonele, wanasema wenyewe, na sisi tunaelewa. Nikajiambia: kumbe inawezekana. Sikuona tofauti moja: kule watu wa filme wenyewe wanaleta habari kwa midomo yao. Kwetu mugomba hausemi.

Sasa angalieni tulichofanya bila kujua. Panga linakata. Picha inayofuata, majimaji ya manjano yako pale. Kwenye montaji ilikuwa sekonde 2 kati ya picha hizo mbili. Lakini shambani majimaji hayatoki mara moja. Mara nyingi unangoja dakika kama 5 hadi 15. Tulikuwa tumekata muda wa kungoja, kama vile kila mutu wa montaji anavyofanya, na hakuna aliyesema kwamba umekatwa. Baba mumoja aliyetazama toleo hilo alienda kwake, akakata mugomba aliokuwa ana mashaka nao, akatazama kidogo, hakuona kitu. Akasema ni muzima. Akaendelea na panga lile lile kwenye migomba mingine. Tulipofika kwake tukakata shina pale pembeni, tukangoja tukipiga story, na majimaji yakaja.

Kwa hiyo picha inaonyesha vizuri kitu kinachotokea, rangi yake, mukono wa mutu, uso wake. Haionyeshi muda uliokatwa, haionyeshi bakteria wanaokaa kwenye panga, haionyeshi sababu. Mahali pale njo musimulizi ana kazi.

Lakini aseme wakati gani? Kwa ile picha tulijaribu mahali patatu. Tukisema wakati panga linakata, tunaua mulio na maneno ya mama. Tukisema kabla, tunaharibu mushangao: watu wanangoja majimaji badala ya kumutazama mama. Mwishoni tuliacha panga likate, sekonde 4 bila neno. Tukaweka picha ya mama anakaa juu ya jiwe, kuku wanapita, mutoto analia mbali. Juu ya picha hiyo musimulizi anasema: « Ngoja hadi dakika 15 kabla ya kusema mugomba ni muzima. » Basi. Kisha kimya tena, majimaji yanatokea, na mama anasema « Eee, na hii tena? » bila mutu wa kumukatiza.

Kwa picha ya moto tulifanya kinyume. Mama anapitisha panga juu ya moto kati ya mugomba na mugomba. Bila maneno, watu wengine walifikiri anatengeneza makali. Hapa musimulizi anatangulia: « Panga linabeba ugonjwa ambao macho hayaoni. Moto unauua. » Halafu ananyamaza, na unasikia moto unavyolia. Mutazamaji akijua sababu mbele, anaangalia panga linakaa motoni muda gani.

Kuhusu vipimo: mimi nikisoma polepole ninafikia kama maneno 100 kwa dakika. Picha ya sekonde 12 inaweza kubeba maneno 20, lakini ukiacha sekonde 3 mbele na 3 nyuma ili sauti ya mahali isikike, unabaki na maneno 10. Njo maana tunaandika komantere baada ya montaji ya kwanza, saa mukononi, tukisoma kwa sauti. Mbele ya kuandika tunatazama filme nzima bila sauti, na mutu asiyejua habari anatueleza alichoelewa. Pale anapokosea, tunaweka sentensi. Pale anapoelewa, hatugusi. Kisha tunageuza screni ukutani na kusikiliza tu: tukisikia musimulizi anafunika mutu anayesema au kitu kinacholia, tunamusogeza.

Kuko pia jambo la aibu ambalo watu hawasemi. Mara nyingi komantere inajaa kwa sababu sauti ya shambani ni mbovu. Mimi mwenyewe nilikuwa ninasema « sawa, sawa, endelea mama » nyuma ya kamera, na upepo unapiga mikro. Hapo unaweka maneno ili kufunika uchafu. Siku hizi kila mahali tunanyamaza wote dakika 1 nzima, telefone zimezimwa, tunarekodi mahali tu: majani, ndege, moto. Ile dakika tunaiweka chini ya montaji, ili musimulizi anapomaliza sentensi yake kusibaki shimo la kimya.

Toleo la tatu lina dakika 9, na musimulizi anasema dakika 2 na nusu hivi. Muzee yule alilitazama pia. Safari hii hakuniuliza kitu juu ya kupumua. Aliuliza kama dakika 15 zinahesabika tangu kukata, ao tangu kukaa juu ya jiwe. Tumeongeza maneno mawili: « tangu kukata ».